Kuuza spredi ya puti chini ya sapoti, na la kufanya sapoti ikivunjika

Tuanze na mfano ambao tutaubeba hadi mwisho. Hisa fulani kwenye soko la Marekani inauzwa dola 104. Katika miezi minne iliyopita imeshuka mara tatu hadi karibu na 98, na kila mara wanunuzi wameingia wakairudisha juu; eneo kama hilo huitwa sapoti. Huna uhakika kama itapanda, ila unaona kuwa ni vigumu ishuke sana chini ya 98 ndani ya wiki tano zijazo. Biashara inayolingana na maoni ya namna hiyo ni spredi ya puti: unalipwa mwanzoni, na unabaki na malipo hayo hisa ikipanda, ikisimama palepale, au hata ikishuka kidogo.

Puti ni opsheni inayompa mnunuzi wake haki ya kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa, yaani bei ya utekelezaji, hadi siku ya ukomo. Aliyeiuza amejifunga kuzinunua hisa hizo kwa bei hiyo, akitakiwa. Mkataba mmoja kwa kawaida hubeba hisa 100. Katika mfano wetu unauza puti ya 95 kwa dola 1.75 kwa hisa, na papo hapo unanunua puti ya 90 kwa dola 0.80. Zote mbili zinakwisha siku ileile, siku 38 kuanzia leo, na kwa pamoja ndizo spredi. Unabakiwa na 0.95 kwa hisa, yaani dola 95 kwa spredi moja.

Siku ya ukomo hisa ikiwa juu ya 95, puti zote mbili hazina thamani na dola 95 ni zako. Ikiwa chini ya 90, umefungwa kununua kwa 95 huku una haki ya kuuza kwa 90, kwa hiyo umepoteza dola 5 kwa kila hisa, 500 kwa mkataba. Ukitoa zile 95 ulizolipwa, hasara ni 405. Mahali usipopata wala kupoteza ni 94.05. Hata hisa ikiporomoka hadi 40, hesabu ya 405 haibadiliki, na hiyo ndiyo maana ya hatari yenye kikomo. Puti ya 90 ndiyo inayoweka kikomo hicho. Sapoti haiweki kikomo chochote, na mengi yaliyo hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha sapoti ipo kweli

Tumia chati ya siku, usitumie ya dakika 15. Sapoti ni eneo, na kwenye mfano wetu eneo hilo ni kati ya 97.60 na 98.50, kwa sababu mara tatu zote bei ilifunga siku ndani ya hapo au juu yake. Ninachokiangalia zaidi ni namna hisa ilivyoondoka pale. Ikiwa kila safari iliruka kwa nguvu na kwa wingi mkubwa wa mauzo, wanunuzi wapo. Ikiwa mruko wa kwanza ulifika 112, wa pili 108, wa tatu 104, wanunuzi wanachoka. Sapoti ya aina hiyo inapigwa mara nyingi kabla ya kuvunjika, na idadi ya mapigo isikudanganye kuwa ni uimara.

Kisha angalia kalenda. Kampuni ikitoa matokeo yake ya robo mwaka ndani ya siku zako 38, achana nayo au chagua ukomo unaotangulia tarehe hiyo. Matokeo kwa kawaida hutolewa soko likiwa limefungwa, na yakiwa mabaya hisa inaweza kufungua asubuhi ikiwa tayari dola 12 chini, bila kufanya biashara hata moja kwenye sapoti yako.

Hatua ya 2: Chagua bei za utekelezaji

Puti unayoiuza iwekwe chini ya sapoti kwa nafasi ya kutosha. Chini kidogo tu ya sapoti inayoonekana na kila mtu ndiko zinakorundikana oda za stop losi, zile zinazouza hisa zenyewe bei ikishuka hadi kiwango fulani, kwa hiyo bei mara nyingi huchungulia chini, hufagia oda hizo, kisha hurudi juu. Kipimo ninachokiamini ni wastani wa mwendo wa siku, ambao kwenye chati nyingi unaandikwa ATR. Hisa yetu hutembea kama dola 2.40 kwa siku. Ukitoa 2.40 kwenye 98 unapata 95.60, na bei ya utekelezaji iliyo karibu zaidi chini yake ni 95.

Linganisha na delta, namba inayoonyesha bei ya opsheni inasogea kiasi gani hisa ikisogea dola moja. Puti ya 95 inaonyesha delta ya karibu 0.21, ambayo wafanyabiashara huisoma kama makadirio ya haraka: soko linaona uwezekano wa moja kwa tano, au zaidi kidogo, kwamba hisa itaishia chini ya 95. Kumbuka kuwa soko limekwisha kuiona hiyo sapoti kabla yako. Hulipwi ziada kwa kuwa umeichora.

Puti unayoinunua ndiyo inayoamua upana. Ukinunua ya 90, upana ni dola 5. Ukinunua ya 92.50, upana ni 2.50, na malipo na hasara vyote vinapungua. Usiichague kwa sababu ya urahisi wa bei. Ichague kwa hasara ambayo akaunti yako inaweza kuibeba, jambo linalotupeleka kwenye hesabu ambayo wengi huiruka.

Hatua ya 3: Hesabu ukubwa kwa hasara kamili

Unahatarisha 405 ili upate 95. Kama ungekuwa unaacha kila spredi ifike mwisho, na kila inayoshindwa ikashindwa kabisa, ungehitaji kushinda mara 81 katika kila 100 ili tu usitoke na faida wala hasara, kabla ya ada za broka. Kwa hiyo kushinda mara nne kati ya tano, jambo linalosikika vizuri, hakutoshi. Kinachoiokoa biashara hii ni kwamba hasara nyingi si lazima zifike 405, mradi wewe mwenyewe unatoka mapema. Tutafika huko.

Tuseme akaunti ina dola 25,000 na umejiwekea kutopoteza zaidi ya asilimia 2 kwa biashara moja, yaani 500. Spredi moja ya 405 inaingia, mbili haziingii. Broka atakuruhusu ufungue kumi bila tatizo, maana anachozuia kama dhamana ni kama 405 kwa kila moja. Ruhusa yake isikuongoze. Na usipange ukubwa kwa hasara unayotarajia kutoka nayo, kwa sababu siku hisa itakapofungua chini ya bei zako zote mbili, mpango wa kutoka mapema hautakuwa na mahali pa kutekelezwa. Akaunti ikiwa ndogo, punguza upana hadi dola 2.50 au 1.

Hatua ya 4: Tuma oda moja

Puti zote mbili ziende kama oda moja ya spredi. Kwenye skrini puti ya 95 itasomeka `Sell to Open` na ya 90 `Buy to Open`, na aina ya oda iwe `Limit` yenye `Net Credit` ya 0.95. Ukiuza kwanza ile ya 95 peke yake ukisubiri bei nzuri ya kununua ya 90, kwa muda huo umebeba wajibu mzima wa kununua hisa za dola 9,500 bila kinga.

Angalia pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Puti ya 95 ikiwa 1.70 kwa 1.80, ni sawa. Ikiwa 1.40 kwa 2.10, acha hata kama chati inapendeza. Pengo hilo unaweza kulivumilia unapoingia, kwa kuwa una muda wa kusubiri, lakini siku sapoti inavunjika litapanuka zaidi na utalilipa kwa haraka.

Hatua ya 5: Andika njia ya kutoka kabla bei haijasogea

Upande wa faida ni mwepesi: weka oda ya kununua spredi irudi kwa 0.45 hivi, na ikijaa umechukua karibu nusu ya malipo na huna haja ya kukaa siku zote 38.

Upande wa hasara unahitaji kanuni inayotazama hisa yenyewe. Yangu ni hii: hisa ikifunga siku chini ya eneo la sapoti, hapa chini ya 97.60, natoka siku inayofuata. Nasubiri kufunga kwa sababu ya ule uchunguliaji wa katikati ya siku. Siweki stop losi ya kujiendesha kwenye bei ya spredi, kwa kuwa bei za opsheni zinaweza kupanuka kwa dakika chache soko linapofunguliwa, oda ikaamka na kukutoa kwa bei mbaya wakati hisa haijaenda popote. Naweka tahadhari kwenye bei ya hisa, kisha nafunga kwa mkono kwa oda ya `Limit`.

Sapoti ikivunjika: nini kinatokea kwenye bei ya spredi

Siku 16 zimepita, zimebaki 22. Soko zima limeyumba na hisa imefunga 96.40. Bado iko juu ya 95, na ukitazama mchoro wa siku ya ukomo unaambiwa uko kwenye faida kamili. Lakini ukitaka kununua spredi irudi, bei yake ni karibu 1.85. Ulilipwa 0.95, kwa hiyo uko chini kwa kama dola 90.

Mambo mawili yamefanya hivyo. La kwanza ni hisa kusogea karibu na 95. La pili ni hofu: sapoti inapovunjika wengi wanakimbilia kununua puti, na mtikisiko unaotarajiwa, ule unaoandikwa IV, unapanda. Katika mfano huu nimeupandisha kutoka asilimia 40 hadi 46. Puti zote mbili zimepanda bei, ila unayodaiwa imepanda zaidi ya unayomiliki. Siku 16 za muda uliopita zilikusaidia, lakini hazikutosha.

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na hapa ndipo watu husema, "Bado sijafika 95, nisubiri." Tazama kinachofuata. Siku mbili baadaye hisa iko 92.50 na IV ni 50. Spredi inagharimu karibu 2.55, hasara yako ni kama 160. Ikiendelea hadi 88 siku hiyohiyo, spredi inagharimu karibu 3.40, hasara ni kama 245. Bado hujafika 405, ingawa hisa imepita bei zako zote mbili. Puti ya 90 uliyonunua inapanda pamoja na ile ya 95, na muda uliobaki unaacha uwezekano wa hisa kurudi, kwa hiyo spredi haikimbilii 5.00 mara moja.

Sasa angalia muda. Hisa ikikaa hapo 88 hadi mwisho, spredi itatoka 3.40 hadi 5.00, na hasara itatoka 245 hadi 405, bila hisa kushuka hata senti moja zaidi. Muda uliokuwa ukifanya kazi upande wako umehamia upande wa pili. Hisa ikiwa juu ya 95, kila siku inayopita inakulipa. Ikiwa chini ya 90, kila siku inakutoza. Katikati, pale 92.50, spredi ya siku 20 na spredi ya siku ya mwisho zina bei karibu ileile, kama 2.50, na muda hausaidii yeyote. Anayesema atasubiri kwa sababu muda uko upande wa muuzaji ajiulize kwanza bei iko wapi.

Kwa hiyo mvunjiko ukithibitishwa na bei ya kufunga, hasara ya dola 90 ndiyo rahisi kuliko zote utakazoonyeshwa. Wakati mwingine hisa itarudi juu ya 98 siku mbili baada ya wewe kutoka, na itakuuma. Lakini ulichouza ni wazo kwamba 98 itashika, na wazo hilo limekwisha. Sapoti iliyovunjika mara nyingi hugeuka kuwa dari: waliokwama kwa kununua pale 98 wanangoja bei irudi ili watoke.

Ikitokea hisa imefunguka 86 kwa habari ya usiku, kanuni ya kufunga haikupata nafasi. Spredi itagharimu labda 3.60 au zaidi, na hapo unalinganisha tu: hasara ya sasa dhidi ya 405, na uwezekano halisi wa hisa kurudi juu ya 90 kabla ya siku kuisha. Kama ukubwa ulipangwa kwa hasara kamili, hakuna unalolazimika kulifanya kwa pupa.

Marekebisho mawili yanayovutia

La kwanza ni kusogeza mbele: unanunua spredi irudi kwa 1.85 na kuuza nyingine ya mwezi unaofuata, tuseme 90 kwa 85. Kinachofichika ni kwamba hasara ya dola 90 umekwisha kuilipa, na mpya ni biashara kamili yenye hasara yake kamili. Ifungue tu ikiwa ungeifungua leo bila kuwa na historia na hisa hii. Kama huoni sapoti mpya ya kuiweka juu ya bei zako, huna sababu.

La pili ni hatari zaidi. Hisa ikishuka, puti ya 90 itaonyesha faida nzuri, na mtu anashawishika kuiuza "achukue faida" huku akingoja hisa irudi ili ile ya 95 ife. Akifanya hivyo ameondoa kikomo chenyewe. Spredi inafungwa nzima kama ilivyofunguliwa, au inaachwa nzima.

Siku ya ukomo, pale kikomo kinapoweza kukuponyoka

Opsheni za hisa za Marekani ni za aina inayoweza kutekelezwa siku yoyote. Puti ya 95 ikiingia ndani sana ya faida, yaani hisa ikiwa chini sana ya 95, na kubakiwa na thamani ndogo ya muda, ile sehemu ya bei inayolipia siku zilizobaki, mwenye nayo anaweza kukutekelezea mapema, na asubuhi ukakuta hisa 100 ulizonunua kwa 95, yaani dola 9,500. Usishtuke. Puti yako ya 90 bado ipo na kikomo bado kipo. Uza hisa na uza puti ya 90 siku hiyohiyo, na kwa kawaida utapata zaidi kuliko kuitekeleza, ikiwa bado ina thamani ya muda. Kama akaunti haina fedha za kutosha, broka atadai dhamana au atafunga mwenyewe, kwa hiyo fanya wewe kwanza.

Tatizo kubwa ni hisa kuishia kati ya bei zako mbili, au karibu kabisa na 95. Tuseme Ijumaa ya ukomo, saa kumi jioni kwa saa za New York, hisa imefunga 95.20. Unaona umeshinda. Lakini kufunga soko hakumalizi haki ya mwenye puti. Kwa kawaida ana hadi saa kumi na moja na nusu jioni kutoa maagizo, ingawa broka wake anaweza kumwekea mwisho wa mapema zaidi. Saa kumi na robo inatoka habari mbaya, hisa inauzwa 92 baada ya saa za soko, naye anaamua kutekeleza puti ya 95 japokuwa ilifunga nje ya faida. Jumatatu unaamka na hisa 100 za 95, na puti yako ya 90 imekwisha tangu Ijumaa. Jumatatu hisa ikifungua 85, unapoteza dola 10 kwa hisa, 1,000, au 905 ukitoa zile 95 ulizolipwa, kwenye biashara uliyoiandika kuwa ya 405.

Hisa ikifunga 93 hakuna hata haja ya habari mbaya: OCC, shirika linalosimamia mikataba hii, hutekeleza lenyewe opsheni iliyo ndani ya faida kwa senti moja au zaidi, isipokuwa mwenyewe akikataa. Ya 95 itatekelezwa, ya 90 itakufa, na utabeba hisa wikendi nzima bila kinga.

Dawa yake ni kutoka mapema, na hisa ikiwa bado juu ya 95 mara nyingi ni ya senti chache. Hisa ikiwa kati ya bei zako mbili, au ndani ya dola mbili tatu za 95, wiki ya mwisho, nunua spredi irudi kabla ya Ijumaa mchana, hata kama inagharimu 0.30 na inaonekana itakufa yenyewe. Opsheni za faharasa zinazolipwa kwa fedha taslimu, kama za SPX, yaani faharasa ya S&P 500, hazina tatizo hili la kupewa hisa wala la kutekelezwa mapema, na anayechukia kufuatilia Ijumaa anaweza kufikiria huko, akijua kwamba mkataba mmoja pale ni mkubwa zaidi na upana wake lazima upimwe upya kwa kanuni ileile ya hasara kamili.